Namba Tisa Kwenda Kulia

(Maneno yaliyosemwa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeitwa hapa kujibu mashtaka. Mnajua kwamba ukurasa wa mwisho wa jarida letu una chemsha bongo ya miraba, na kwamba mtungaji wake ni mimi. Ile ya toleo lililopita niliitunga kwa vitu vya soko la Kariakoo, kwa kuwa shule yetu na soko hilo ni majirani wa kusikilizana. Zawadi ilikuwa kamusi. Sasa namba tisa kwenda kulia imezua ugomvi. Wapo wanaodai kamusi kwa jibu moja na wapo wanaoidai kwa jibu jingine, na mzee mwenzangu mmoja wa Tabora ameniandikia barua ya kurasa tatu. Kamati imeniomba nieleze mbele ya watu jinsi jibu linavyopatikana, ili atakayeikosa kamusi ajue ameikosea wapi.

Kidokezo chenyewe kilisema hivi: "Hubeba kwa bega alichonunua mwenzake." Herufi nane.

Wengi walipokisoma walilitafuta neno kichwani kwanza, halafu wakajaribu kulibana katika visanduku. Huo ni mwendo wa kuchosha, maana kwa kazi hii moja Kiswahili kina watu wengi. Yuko kuli, herufi nne, yule wa bandarini, ambaye vijana mmekutana naye katika riwaya ya Adam Shafi ya 1979. Yuko hamali, herufi sita. Yuko mpagazi, herufi saba, na mbebaji, saba pia. Yuko mpakiaji, nane. Wote wanabeba. Ukianza na maana peke yake utabaki unawapanga foleni hawa mpaka chai ipoe. Afadhali uanze na visanduku, uone vinakudai nini, kisha uirudie maana.

Basi tutazame visanduku. Namba tisa ilikatwa na maneno manne ya kushuka chini, katika kisanduku chake cha pili, cha nne, cha sita na cha nane. Kila neno la kushuka liliikata kwa herufi yake ya pili. Vidokezo vya maneno hayo vilikuwa hivi. La kwanza, "Umekwisha kuvuliwa ganda, haujafika chunguni", herufi sita. La pili, "Huliwa mbegu zake, na majani yake ni mboga", herufi tano. La tatu, "Chai huingoja", herufi sita. La nne, "Vibaba vinne", herufi tano.

Hapo mtu mwenye busara haanzi na la kwanza kwa sababu tu limeandikwa kwanza. Huanza na lile lisilo na ubishi. Vibaba vinne ni hesabu, na hesabu haina kambi mbili: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Andika PISHI kwa wino. Herufi ya pili ni I, na hiyo ndiyo herufi ya mwisho ya namba tisa. Chai nayo huingoja SUKARI. Yule aliyeniletea ASKARI kwa sababu polisi hupenda chai nimecheka naye, lakini neno lake linaanza vibaya kama mtakavyoona. Sukari inatupa U katika kisanduku cha sita.

Tumebaki na mawili yaliyoleta vita. Katika lile la mbegu na majani, benchi zima la Kidato cha Tatu liliandika DENGU. Herufi ni tano, na mbegu huliwa, sikatai. Lakini kidokezo kilitaja pia mboga ya majani. Nenda kwa akina mama wauza mboga, uliza majani ya dengu, uone watakavyokutazama. Majani yanayofungwa mafungu ni ya KUNDE. Herufi ni tano vilevile. Dengu inaweka E katika kisanduku cha nne, kunde inaweka U. Shikeni hiyo, tutairudia.

Na lile la ganda? Wengine waliandika MPUNGA, wengine MCHELE. Yote ni herufi sita, yote yanaanza na M. Zao hili limepewa majina matatu kwa hatua zake: shambani na ghalani likiwa na maganda ni mpunga, likikobolewa ni mchele, likiiva ni wali. Aliyevuliwa ganda na hajafika chunguni ni mchele, hana mwenzake. Herufi ya pili ni C.

Sasa namba tisa inasomeka hivi: kisanduku kitupu, C, kitupu, U, kitupu, U, kitupu, I. Herufi nne tunazo, nne hatuna. Na hapa, vijana, ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuanzia hapa lugha yenyewe inakufanyia kazi.

C katika Kiswahili haitembei peke yake. Popote uionapo, H iko nyuma yake. Kwa hiyo kisanduku cha tatu kimejazwa bila kidokezo chochote. (Wapo watungaji wanaoibana CH katika kisanduku kimoja kwa kuwa ni sauti moja. Mimi siwapendi. Lakini kama umepewa fumbo usilolizoea, hesabu kwanza neno moja lenye CH ambalo una hakika nalo, ujue mtungaji wako ni wa dini gani. Mchele wangu una visanduku sita, kwa hiyo mimi natenganisha. Na ile alama ya juu katika ng'ombe haina kisanduku kwa mtungaji yeyote niliyewahi kumwona.)

Turudi nyuma ya C. Ni herufi gani inaweza kusimama mbele ya CH mwanzoni mwa neno? Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kukaa pamoja. Zinazoruhusiwa kumtangulia mwenzake katika maneno yetu ya asili ni hasa M na N, zile za puani. Maneno kama labda, daktari na askari yamekuja na konsonanti zao zilizosongamana kutoka ugenini. Mbele ya CH basi utapata M kama mchana, N kama nchi, au irabu kama uchumi. Hayo tu. Kati ya herufi zote za alfabeti umebakiwa na saba.

Sasa ndipo unairudia maana. Kidokezo kinasema "Hubeba". Niliitia hiyo hu- makusudi, na wachache waliigundua. Hu- haina umoja wala wingi. Ningesema "Anabeba" ningewaonyesha mtu mmoja, ningesema "Wanabeba" ningewaonyesha kundi. Hu- inaficha yote mawili, nayo ni kichaka kizuri cha mtungaji. Lakini visanduku vimekwisha kuifichua. Neno la watu wengi lingeanza na WA-, na herufi ya pili ingekuwa A. Sisi tunayo C. Kwa hiyo ni mtu mmoja, na kiambishi cha mtu mmoja ni M-. Tunasoma sasa: M, C, H, U, kitupu, U, kitupu, I.

Mwisho wake ni I. Neno la mtu linaloanza na M- na kuishia na -i mara nyingi limezaliwa na kitenzi: pika, mpishi, linda, mlinzi, soma, msomi, iba, mwizi. Mnaona jinsi konsonanti ya mwisho inavyogeuka pengine ikikutana na hiyo -i. Na vitenzi vinavyoishia na -ua vina tabia yao. Nunua haisemwi mnunui, bali mnunuzi. Chagua, mchaguzi. Tambua, mtambuzi. Hiyo Z inatoka wapi? Inatoka katika L iliyojificha. Husemi nunuwa-wa, unasema nunuliwa, chaguliwa, tambuliwa. L hiyo ilikuwamo katika mzizi toka zamani, ikapotea katikati ya irabu, inarudi mbele ya -iwa, na mbele ya -i ya mtendaji inageuka Z. Kwa hiyo ukiona neno la mtu linaloishia U, kitupu, I, jaribu Z kwanza.

Imebaki herufi moja: M, C, H, U, kitupu, U, Z, I. Vua nguo zake, ondoa M na Z na I, unabaki na chu-kitupu-ua. Kitenzi gani hicho, cha mtu anayebeba? Chukua. MCHUKUZI. Herufi nane.

Nimeona vichwa vinatikiswa pale nyuma. Mmoja wa vijana aliniuliza asubuhi kwa nini si mchukuaji. Neno zuri, lakini lihesabu: herufi tisa, na linaishia na -aji, ambapo pishi yangu inadai I katika kisanduku cha nane.

Tazameni pia jinsi neno hili lilivyokaa na ndugu zake katika kamusi. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI iliyotoka kwanza 1981, mahali pa mchu-, ukateremka na kidole, utakuta mchuzi, herufi sita, mchuuzi, saba, mchukuzi, nane, mchunguzi, tisa. Wanne hawa huanza sawa na kuisha sawa, wakipishana herufi moja moja kama ngazi. Na mchuuzi naye ni mtu wa soko, tena wengi wenu mlimwandika! Ndiyo maana kidokezo kilisema bega, na kikasema alichonunua mwenzake. Mchuuzi ananunua ili auze. Mchukuzi hauzi kitu ila nguvu zake. Asiyehesabu visanduku alimwona wa kwanza akamkamata.

Lakini angalieni kamusi mnayoitumia. Ile ya Frederick Johnson ya 1939, ambayo baadhi yetu tungali nayo nyumbani imekula mende, huyaweka maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Humo ukimtafuta mtendaji katika M unaweza kumkosa ukadhani hayupo, kumbe yuko kwa baba yake, katika C. Na katika kamusi zote hutamkuta wachukuzi wala amechukuliwa peke yake. Fumbo likitaka wingi, au kitenzi kilichovaa nafsi na wakati, uvue kwanza ndipo ufungue kamusi.

Sasa tuwarudie wa dengu. Wao walikuwa na M, C, H, E, kitupu, U, kitupu, I. Nimekaa na Kidato cha Tatu, tumepekua mche- yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na hatukuona mtu wa kukaa humo. Mmoja akataka kuniundia "mchekuzi", mtu wa kuchekua, nikamwuliza kuchekua ni nini, akacheka yeye. Hiyo ndiyo dalili. Ukikuta ruwaza ambayo herufi zake zote zinakubalika katika lugha, lakini hakuna neno linaloijaza, usikimbilie kulaumu kamusi. Mmoja wa mashahidi wako anasema uongo. Uwapange: nani una hakika naye kama hesabu, nani ulimkubali kwa sababu tu alitosha? Pishi hatikisiki. Sukari hatikisiki. Mchele una sababu. Dengu aliingia kwa urefu wake tu. Huyo ndiye wa kufutwa, na ndiyo maana wa namna yake huandikwa kwa penseli.

Mzee wangu wa Tabora shauri lake ni kubwa zaidi, nami namheshimu, kwa hiyo nitamjibu taratibu. Yeye aliandika MPUNGA kushuka chini, akapata P katika kisanduku cha pili, na P ikamletea mpagazi mara moja. Ni haki yake: mpagazi ni neno la njia ya kwao, la misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliojulikana kuliko wote kwa kazi hiyo. Lakini mpagazi ana herufi saba. Mzee akamwongeza A, akaandika "mpagaazi", na katika barua yake anatetea kwamba kitenzi ni pagaa, chenye A mbili. Kitenzi kweli ni hicho. Hata hivyo neno lililotoka humo huandikwa kwa A moja. Na hata ningemkubalia, Mzee, G yako inaanguka katika kisanduku cha nne, na huko chini hakuna mboga ya herufi tano ambayo herufi yake ya pili ni G. Kosa la mpunga lilikupa neno lililopendeza, na neno lililopendeza likakuzuia kuona kwamba la pili limevunjika. Jibu halithibitiki kwa upande mmoja. Ukishalijaza kwenda kulia, shuka na kila neno linalolikata, hata yale uliyokwisha kuyasahau.

Sababu yangu ya kuchagua mchukuzi, na si mwenzake yeyote, ni mahali tulipo. Waingereza walipouteka mji huu Septemba 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, waliweka kambi ya kikosi cha wachukuzi pale soko lilipo. Vita ile ilipiganwa mbali na reli, maporini, na chakula na risasi vilikwenda kwa vichwa na mabega ya Waafrika. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kilikuwa na jina la maneno mawili. Watu wa mji wakayatamka kwa ndimi zao, wakayaunganisha, wakayaishia na irabu kama Kiswahili kinavyotaka, ikawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa asili hiyohiyo. Ihesabuni Kariakoo: herufi nane, sawasawa na mchukuzi. Nilipowauliza vijana kumi wa shule hii, ambao hupita sokoni kila siku, jina la mtaa linatoka wapi, wawili walijua kwamba ni jambo la vita. Neno mchukuzi lenyewe wanne hawakulijua. Walisema "mbeba mizigo", maneno mawili ambayo hayaingii katika fumbo langu wala lolote. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sikuweza kukubali jibu jingine hata kwa huruma.

Kabla sijakaa, nitasema jambo moja juu ya thamani ya herufi, kwa kuwa fumbo jipya limekwisha kupelekwa kwa mchapaji na sitaki barua za kurasa tatu tena. Watu hufurahi wakipata irabu. Mimi huwaonea huruma. Katika Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, maneno kama rais ni ya kuhesabu, na katikati irabu na konsonanti hupokezana kama wacheza ngoma. Kwa hiyo irabu inakuja mahali ulipokwisha kuitazamia, na haikuambii mengi. Konsonanti ndiyo inayosema.

Chukueni namba kumi na nne kushuka chini ya fumbo hilo jipya. Herufi sita: kitupu, A, kitupu, A, kitupu, I. Irabu zote mmepewa, mnadhani mmetajirika. Lakini humo mna bahari, na safari, na hatari, na habari, na samaki, na kamari, na mahali. Mna watu watatu wa soko pia: karani, dalali na hamali. Wa kwanza hulipwa kwa kalamu yake, wa pili kwa mdomo wake, wa tatu kwa mgongo wake, na wote watatu wana irabu zilezile mahali palepale. Mtu akikupa L katika kisanduku cha tano atakuwa amekuondolea karani na akina bahari, lakini dalali na hamali watabaki wanatazamana, na mahali yuko kando anawasikiliza. Herufi mnayoihitaji iko katika kisanduku cha tatu. Kinakatwa na neno la kwenda kulia lenye kidokezo "Huvutwa na hamali, hakina injini", ambalo lina herufi tisa na K mbili... samahani, Mhariri ananikanyaga mguu. Hilo lilikuwa la toleo lijalo.

Kamusi inakwenda kwa binti wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa peke yake na mchele, kunde, sukari na pishi. Njoo mbele, mwanangu.